Kila Alhamisi ya Pili: Jinsi ya Kumwomba Msimamizi Ratiba ya Kudumu, na Cha Kumtumia Kabla ya Kikao

Sisi wa shahada ya kwanza tunamjua msimamizi wa utafiti kama mtu wa kuwindwa. Unamvizia akitoka darasani, unamsindikiza hadi kwenye gari, mnaongea dakika nne, anakuambia "nitumie niangalie", unatuma, kimya. Baada ya wiki tatu unaanza tena kuvizia. Kwa utafiti wetu mdogo wa mwaka wa tatu unaweza kufika salama hivyo hivyo, maana kazi ni fupi na tarehe ya kukusanya imeshabandikwa ubaoni.

Kwa wenzetu wa uzamili mambo ni mengine. Wakishamaliza kozi za darasani hakuna kengele inayolia tena. Hakuna jaribio la wiki ya saba, hakuna mtihani, hakuna wa kuita majina. Mtu ana tasnifu, ana msimamizi, na ana miezi. Miezi hiyo inaisha kimyakimya, na ikipita muda uliowekwa unaomba kuongezewa, na kuongezewa kuna ada yake. Kwa hiyo nimeona niandike juu ya jambo moja dogo ambalo nimeliona likifanya kazi kwa karibu: mwanafunzi kumwomba msimamizi wake wakutane kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile, na kumtumia kitu maalumu kabla ya kila kikao.

Mfano ninaoutumia ni wa dada mmoja wa uzamili wa elimu ninayepanga naye nyumba moja. Ameniruhusu kutumia barua zake, ila majina hatuyataji. Utafiti wake ulihusu lugha darasani. Kama tunavyojua, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Alitaka kuona walimu wa Baiolojia wa Kidato cha Kwanza wanavyohama kati ya lugha hizo mbili wakiwa wanafundisha. Alipanga shule tatu, walimu wawili kila shule. Mpaka Januari 2025 alikuwa na pendekezo la utafiti lililokwama kwenye sura ya mbinu, na alijua kitu kimoja: shule zikifungwa Juni kabla hajaingia darasani, atasubiri hadi Julai, na kila kitu kitasogea.

Kwa nini wiki mbili

Kuna wanaosema wakutane kila wiki. Inasikika vizuri, lakini hebu tuhesabu. Mkikutana Alhamisi na msimamizi akitaka siku tatu za kusoma, wewe unabaki na siku mbili tatu za kuandika. Utampelekea kitu kibichi, au utaenda mikono mitupu, na baada ya vikao vitatu vya namna hiyo mmoja wenu ataanza kutafuta udhuru. Mkikutana mara moja kwa mwezi, tatizo ni la upande wa pili. Ukipotea njia leo, unatembea wiki nne ukiwa umepotea, na kurudi kunauma zaidi kwa sababu umeshaandika kurasa ishirini.

Wiki mbili zinagawanyika vizuri. Chukua kikao cha Alhamisi. Kuanzia Ijumaa inayofuata hadi Ijumaa ya wiki ya pili ni siku nane za mwanafunzi. Ijumaa hiyo jioni anatuma. Msimamizi anabaki na wikiendi akitaka, na Jumatatu, Jumanne na Jumatano asipotaka kugusa kazi wikiendi. Alhamisi wanakutana. Kila mmoja ana muda wake, na hakuna anayemsubiri mwenzake bila kujua anamsubiri hadi lini.

Zile siku za kati, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, mwanafunzi hafungi kitabu. Anasoma makala, anapanga hojaji, anafuatilia barua. Kitu kimoja tu hafanyi: haigusi ile rasimu aliyotuma. Ukituma toleo jipya Jumatano usiku na kuandika "Dokta, samahani, tumia hili badala ya lile", umemfanya asome kazi iliyokufa. Akifanyiwa hivyo mara mbili atajifunza kutosoma mpaka Alhamisi asubuhi, na hapo utaratibu wote umeanguka.

Namna ya kuomba

Hapa ndipo wengi tunaogopa, na hofu yenyewe ina sababu. Msimamizi ni mkubwa wako, pengine ana umri wa mzazi wako, na wewe unataka kumpangia ratiba. Ukiandika "nataka tukutane kila wiki mbili" utaonekana umemwamrisha. Ukiandika "naomba tukutane ukipata nafasi" umekuwa na adabu, lakini hujaomba kitu. Nafasi haipatikani yenyewe, bana. Inapangwa.

Dada huyu alifanya mambo manne kabla ya kuandika. Kwanza alikwenda kusoma ratiba ya vipindi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi, akaona saa ambazo yuko chuoni lakini hafundishi. Pili alichagua nafasi mbili za kupendekeza, siyo moja. Moja inaonekana kama amri, na tano zinamrudishia mzee kazi ya kuchagua. Tatu aliamua kuomba vikao vinne tu vya majaribio, siyo mwaka mzima. Mtu mwenye wanafunzi wengi anaogopa kujifunga, lakini vikao vinne vya nusu saa ni saa mbili kwa miezi miwili, na hilo anaweza kulipima. Nne alieleza yeye mwenyewe atatoa nini, ili ombi lisiwe la upande mmoja. Barua yenyewe, aliyoituma Jumatatu tarehe 20 Januari, ilikuwa hivi:

"Mada: Ombi la vikao vinne vya tasnifu, Februari na Machi

Shikamoo Dokta.

Natumaini umeuanza mwaka salama. Naandika kuomba utaratibu wa kukutana kwa ajili ya tasnifu yangu. Nimebakiza sura ya mbinu na zana za kukusanyia data, na ningependa kuingia shuleni mwezi Mei, kabla shule hazijafungwa Juni.

Naomba, kama itakufaa, tukutane kila baada ya wiki mbili kwa dakika thelathini: tarehe 6 na 20 Februari, na tarehe 6 na 20 Machi. Nimeona kwenye ratiba yako kwamba Alhamisi saa nne asubuhi huna kipindi. Kama Alhamisi haifai, Jumatano ya wiki hizohizo saa nane mchana nami nina nafasi.

Kwa kila kikao nitakutumia kurasa zisizozidi kumi pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo, Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, ili uwe na siku za kutosha. Baada ya kikao nitakuandikia tuliyokubaliana. Baada ya kikao cha nne tunaweza kuona kama utaratibu huu unafaa kuendelea.

Nitashukuru kwa maelekezo yako, Dokta, pamoja na mabadiliko yoyote utakayoona yanafaa."

Angalia sentensi ya mwisho. Haikuwekwa kwa ajili ya adabu peke yake. Inamwachia msimamizi mlango wa kubadilisha, na mtu akishabadilisha kitu kidogo, mpango umekuwa wake pia. Ndivyo ilivyotokea. Jibu lilikuja Jumatano, mistari miwili: Alhamisi saa nne sawa, kurasa ziwe nane na siyo kumi, "na usinitumie kitu kwa wasapu."

Kama jibu halijaja baada ya siku tano au sita za kazi, hakuna ubaya kupita ofisini na barua imechapwa mkononi. Unabisha hodi, unaamkia, unasema: "Dokta, nilikuandikia kuhusu vikao vya Alhamisi, nimekuja kujua kama tarehe 6 itakufaa." Swali la tarehe moja linajibika mlangoni. Swali la "umeonaje barua yangu" linajibiwa na "nitaiangalia".

Ukurasa mmoja

Kinachobeba utaratibu huu ni ukurasa wa maelezo unaotangulia kazi. Wengi wetu tukituma kazi tunaandika tu "naambatisha Sura ya Tatu kwa maoni yako". Msimamizi anafungua faili la kurasa thelathini na tano, hajui kipi kipya, hajui unataka nini, basi anafanya kinachowezekana kufanyika bila kujua: anasahihisha tahajia na koma. Ukirudishiwa kazi imejaa koma nyekundu na hakuna neno juu ya hoja, kabla ya kulalamika jiulize uliomba nini.

Ukurasa wa dada huyu ulikuwa na sehemu nne, na mpangilio wake haukubadilika hata mara moja, ili msimamizi ajue pa kutazama bila kutafuta. Huu ni ule wa kikao cha tatu, cha tarehe 6 Machi, alioutuma Ijumaa tarehe 28 Februari. Nimeufupisha kidogo.

"1. Tuliyokubaliana tarehe 20 Februari. (a) Kupunguza maswali ya utafiti kutoka matano hadi matatu: nimefanya, yako ukurasa wa 1. (b) Kuandika fomu ya kutazama vipindi darasani: nimefanya, kurasa za 5 na 6. (c) Kusoma zaidi kuhusu maadili ya utafiti kwa watoto: nimeanza, sijamaliza, nitaleta tarehe 20 Machi.

2. Cha kusoma. Kurasa za 3 hadi 6, yaani uteuzi wa walimu na fomu ya darasani. Kurasa za 1 na 2 zimewekwa kwa kumbukumbu tu. Lugha bado haijasafishwa, naomba uangalie hoja.

3. Maswali. (a) Nimepanga kutazama vipindi vinne kwa kila mwalimu, kwa sababu katika kipindi cha kwanza mwalimu huwa anajirekebisha akijua anatazamwa. Kwa walimu sita hivyo ni vipindi 24, na nahofia wiki nne za Mei hazitatosha. Je, vitatu vinatosha, yaani 18, kile cha kwanza nisikitumie kwenye uchambuzi? (b) Kwenye fomu nahesabu sentensi za mwalimu katika safu mbili, Kiswahili na Kiingereza. Je, nihesabu sentensi au nihesabu dakika?

4. Saini na barua. Hakuna kwa sasa. Kikao kijacho nitaomba saini yako kwenye fomu ya kuombea barua ya utambulisho."

Sehemu ya kwanza inamkumbushia msimamizi. Kumbuka ana wanafunzi wengine, ana vipindi, ana vikao vya idara, na wiki mbili zilizopita kwake ni mbali. Inaonyesha pia kisichofanyika, bila kujificha. Ile (c) ya "nimeanza, sijamaliza" ni ya muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiiacha nje, yeye ataikumbuka palepale kikaoni na nusu saa itaishia hapo.

Sehemu ya pili inamwambia asome nini na asome kwa jicho gani. Kurasa nne. Mtu anaweza kusoma kurasa nne akisubiri kikao kingine kianze.

Sehemu ya tatu ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kuandika, na ni haki yake. Swali zuri kwa msimamizi lina mambo matatu ndani yake: umeamua au unaelekea kuamua nini, kwa sababu gani, na uamuzi huo utagharimu nini. Likiwa hivyo, anaweza kukubali, kukataa au kurekebisha. Linganisha na "Dokta, unaonaje kuhusu sampuli yangu?" Hapo umemwomba akufikirie kazi kuanzia mwanzo, na atakujibu kwa swali lingine. Maswali yasizidi matatu. Ukiwa na saba, manne kati yake unaweza kuyajibu mwenyewe ukikaa kimbwetani jioni moja na kitabu cha mbinu za utafiti.

Sehemu ya nne nitairudia, maana ndiyo iliyomwokoa muda.

Kitu kingine ni jina la faili. Usitume `Sura ya tatu MPYA final.docx`, kwa sababu baada ya wiki nne wote wawili mtakuwa na "mpya" tano. Tumia mpangilio mmoja tu:

```
2025-02-28_Sura3_rasimu2.docx
2025-02-28_Ukurasa_wa_kikao.docx
```

Tarehe ikitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwenye kompyuta ya msimamizi, la karibuni likiwa mwisho.

Kilichotokea Alhamisi hiyo

Swali la kwanza lilikwisha kwa dakika tano: vipindi vitatu, 18 kwa jumla, cha kwanza kisitumike. La pili ndilo lililofungua kitu. Msimamizi alikuwa ameisoma fomu akitafuta jibu la sentensi au dakika, na kwa kuisoma hivyo akagundua jambo ambalo halikuulizwa. Akamwuliza: mwalimu akianza sentensi kwa Kiingereza akaimalizia kwa Kiswahili, utaiweka safu ipi?

Hakuna safu ya kuiweka. Na yeyote aliyesoma sekondari hapa nchini anajua kwamba hivyo ndivyo walimu wetu wengi wanavyofundisha. Istilahi inatajwa kwa Kiingereza, maelezo yanakuja kwa Kiswahili, swali linaulizwa kwa vyote viwili. Fomu yenye safu mbili ingemlazimisha kuigawa kila sentensi ya namna hiyo kwa kubahatisha, na kubahatisha kwa leo kungekuwa tofauti na kwa kesho. Wakakubaliana abaki na sentensi kama kipimo, aongeze safu ya tatu ya mchanganyiko, na aijaribu fomu kwenye vipindi viwili katika shule ya jirani kwa ruhusa ya mkuu wa shule kabla ya tarehe 20 Machi. Alipoijaribu, safu ya mchanganyiko ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Sasa fikiria kasoro hiyo ingegunduliwa lini kama wasingekuwa na tarehe. Angeingia shuleni na fomu ya safu mbili, akarudi na vipindi 18 vilivyohesabiwa vibaya, na swali lilelile lingekuja kutoka kwa mtahini. Sentensi aliyoisema mwalimu mwezi Mei huwezi kumwomba airudie Septemba.

Ndani ya saa 24

Jioni ya Alhamisi hiyohiyo, kabla hajalala, alimwandikia msimamizi mistari mitano: vipindi vitatu, sentensi na siyo dakika, safu ya mchanganyiko, jaribio kabla ya tarehe 20, fomu ya barua ya utambulisho ije kikao kijacho. Akamalizia: "Kama kuna nilichokielewa vibaya, naomba unisahihishe, Dokta. Vinginevyo nitaendelea hivi."

Mistari hiyo ina kazi mbili. Kwanza ndiyo inayonakiliwa kwenye sehemu ya kwanza ya ukurasa wa kikao kijacho, kwa hiyo kikao kimoja kinazaa kingine na huanzi upya kila mara. Pili ni kumbukumbu. Ikitokea Juni msimamizi akasema "lakini kwa nini hukuhesabu dakika?", hakuna haja ya kubishana. Unafungua barua ya tarehe 6 Machi, mnaisoma pamoja, mnaendelea. Kama una wasimamizi wawili, kumbukumbu hizi ziende kwa wote wawili kila mara, hata kama mmoja hakuhudhuria. Wakitofautiana, ni afadhali watofautiane mapema kwenye barua kuliko siku ya utetezi juu ya kichwa chako.

Barua zinazotembea polepole

Nilisema nitarudi kwenye sehemu ya nne. Anayefanya utafiti shuleni anajua kwamba barua ya chuo haiendi moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwenye halmashauri, halafu ndiyo shuleni. Kila ofisi inaandika barua yake, na kila barua inasubiri mtu wa kuisaini ambaye pengine yuko safarini. Huwezi kuharakisha ofisi hizo. Unachoweza ni kuanza mapema, na kuanza mapema kunategemea saini ya msimamizi.

Kwa sababu ukurasa wa tarehe 6 Machi ulishataja fomu hiyo, tarehe 20 Machi ilikuwa mezani imejazwa tayari, ikasainiwa palepale. Barua zilipata Aprili nzima ya kutembea. Jumatatu tarehe 5 Mei alikuwa kwenye shule ya kwanza.

Inapoyumba

Utaratibu huu hauendi wenyewe tu, na ni vizuri kujua unavyoharibika.

Kuna wiki ambayo hujaandika kitu. Umeumwa, umekwama, umefiwa. Kishawishi ni kuomba kuahirisha hadi uwe na cha kuonyesha, na ndivyo wengi wanavyopotea miezi mitatu kwa aibu tu. Usiahirishe. Tuma ukurasa peke yake: hiki nimekwama, nimejaribu hivi na hivi, nahisi tatizo liko hapa. Kikao kitakuwa cha dakika kumi na tano, na pengine ndicho kitakachokufaa kuliko vyote.

Kuna wiki ambayo msimamizi ndiye hayupo. Kubalianeni mapema juu ya kanuni moja: kikao kikigongana na sikukuu au safari, kinasogezwa ndani ya wiki hiyohiyo, na kinachofuata kinabaki palepale. Kwa dada huyu, baada ya kuongeza muda wa vikao, tarehe moja iliangukia Alhamisi ya Mei Mosi. Wakakutana Jumatano tarehe 30 Aprili, na tarehe 15 Mei ikabaki kama ilivyokuwa. Msimamizi akikosa kabisa, ukurasa wenye maswali mawili unaweza kujibiwa kwa barua pepe. Vikao viwili mfululizo vikikosekana, andika kwa upole kuuliza kama siku hiyo bado inamfaa au mtafute nyingine. Uliza juu ya siku, usimtuhumu mtu.

Dalili nyingine ni msimamizi kusoma kazi yako mbele yako, akiteremsha kurasa kwenye simu. Maana yake haijasomwa. Angalia kwanza upande wako: ulituma Ijumaa kweli, au Jumanne usiku? Zilikuwa kurasa nane, au ishirini? Kama upande wako ni safi, uliza kama kurasa tano zingekuwa rahisi zaidi, au kama anapenda kusoma zilizochapwa. Kuna wasimamizi ambao karatasi ikiwekwa kwenye boksi lao inasomwa, na kiambatisho hakifunguliwi.

Tena kuna vipindi ambavyo wiki mbili hazifai. Ukiwa shuleni unakusanya data huna kurasa za kutuma, kwa hiyo vikao vya tarehe 15 na 29 Mei viligeuka simu ya dakika kumi na tano, na ukurasa ukawa wa namba: vipindi vingapi vimetazamwa, walimu wangapi bado, nini kimekwenda tofauti na mpango. Na ukifika kuandika sura nzima ya matokeo, msimamizi hawezi kusoma kurasa thelathini kwa siku tatu. Hapo ni halali kupendekeza wiki tatu, kwa barua fupi kama ile ya kwanza, ukitaja tarehe.

Kwa sisi wa mwaka wa tatu, utaratibu huu unapungua tu ukubwa. Kurasa tatu badala ya nane, dakika kumi na tano badala ya thelathini, swali moja badala ya matatu. Ila tarehe ibaki tarehe. Ratiba ya vipindi ya muhula imeshabandikwa milangoni, na zile saa zilizo tupu bado hazijaombwa na mtu.